Rota inapogeuka kila wiki: kupanga usingizi ukiwa Malindi

Mwana wa jirani yangu hapa Gede ni mlinzi katika hoteli moja ya Malindi. Alinijia asubuhi moja macho mekundu, akaniamkia, akakaa juu ya kiti cha barazani na kusema, "Shangazi, mimi silali tena. Nikilala mchana naota nipo kazini, nikiwa kazini natamani kitanda." Akatoa simu na kunionyesha picha ya rota. Wiki ya kwanza anaingia asubuhi, ya pili usiku, ya tatu jioni, kisha mzunguko unaanza upya.

Mimi ni muuguzi na zamu nimezifanya miaka mingi, kwa hivyo sikumcheka. Niliwahi kupanda matatu Malindi baada ya usiku wa tatu mfululizo, nikamwambia makanga anishushe Gede, mwendo wa dakika 20 hivi. Niliamshwa Kilifi. "Dada, si ulisema Gede?" Nilikuwa nimelala usingizi wa pono zaidi ya kilomita 40 kupita kwangu, mkoba wazi mapajani. Bahati yangu ni kwamba aliyeshika usukani alikuwa mtu mwingine.

Haya ndiyo niliyompangia yule kijana, hatua kwa hatua. Saa zote ni za Kiswahili. Rota yake imechapishwa 0600–1400, 1400–2200 na 2200–0600, yaani saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Zako zikitofautiana kwa saa moja au mbili, sogeza hesabu, mpango ni uleule.

Hatua ya kwanza: tafuta saa za nanga

Chukua karatasi, chora mistari mitatu, mmoja kwa kila zamu, na kila mstari uwe na saa 24. Paka rangi saa za kazi na za safari. Kisha angalia ni saa zipi za usiku ambazo uko huru katika zamu ya asubuhi na katika zamu ya jioni pia.

Kwa kijana wangu hesabu ilikuwa hivi. Wiki ya asubuhi lazima aamke saa 10 na nusu alfajiri, kwa hivyo akitaka saa 7 za usingizi alale saa 3 na nusu usiku. Wiki ya jioni anafika nyumbani karibu saa 5, na kichwa kinatulia saa 6 usiku, akalala mpaka saa 1 na nusu asubuhi. Ukiweka mistari hiyo miwili pamoja, utaona kipande kimoja kimo kote: saa 6 usiku hadi saa 10 na nusu alfajiri. Hiyo ndiyo nanga yake. Katika wiki hizo mbili, na siku za mapumziko baina yake, saa hizo nne na nusu haziguswi kwa harusi wala kwa mpira wa Ulaya. Zilizobaki anaziongeza kabla au baada, kulingana na zamu.

Sababu ni hii. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, pana kifungu kidogo cha seli kinachoendesha saa ya mwili. Saa hiyo hupandisha na kushusha joto la mwili, ndiyo huamua usingizi uje lini, na hujirekebisha hasa kwa mwanga unaoingia machoni. Ikiachwa peke yake, kwa watu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika chache. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi na kuwahi kulala ni kazi. Husogea taratibu, saa moja hivi kwa siku, wakati mwingine hata chini ya hapo. Jahazi likiwa na nanga litazunguka kwa upepo lakini asubuhi utalikuta palepale. Mwili nao ukipata angalau saa nne zisizohama, hauendi mrama.

Wiki ya usiku haiingii katika nanga hiyo, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Hatua ya pili: wiki ya usiku, usijaribu kugeuka popo

Fanya hesabu. Ili mtu aliyezoea kulala usiku awe mlalaji wa mchana kamili, saa ya mwili isogee kama saa 8 au 9. Kwa mwendo wa saa moja kwa siku, atakuwa amezoea siku ambayo rota inabadilika tena. Kwa mwenye wiki moja tu ya usiku, kugeuka kabisa ni kujitesa mara mbili, kwenda na kurudi. Lengo ni dogo zaidi: upate saa sita na nusu au saba kwa jumla, kwa vipande viwili, na usisinzie saa za hatari.

Kwa nini vipande viwili? Kwa sababu ya mabati. Vitabu vingi vinasema mlinzi wa usiku alale saa 8 mfululizo, lakini vimeandikwa na watu wenye nchi za baridi. Chumba cha kijana huyu kina paa la mabati bila dari. Saa 2 asubuhi kuna ubaridi mzuri. Saa 6 mchana bati linaanza kulia, tak, tak, linavyotanuka, na kufikia saa 8 shuka linanata mgongoni. Mwili hauwezi kuzama usingizini mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo, na katika fukuto lile haliwezi kushuka, hasa kaskazi ya Februari na Machi. Utakachopata ni mang'amung'amu tu.

Basi kipande cha kwanza kiwahi: saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 6 na nusu mchana. Ni saa 5, na zote zinatangulia fukuto. Adhana ya adhuhuri, ambayo wengi huilalamikia kwamba inawakatiza usingizi, tuliifanya saa ya kengele. Ikiadhiniwa, anaamka, anaoga, anaswali, anakula. Kitu kinachokuamsha kila siku kwa wakati uleule si adui wa usingizi, mradi umelala mapema.

Ili saa hizo 5 ziwe za kweli, kazi inaanza njiani. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa 12 hadi saa 12 na nusu mwaka mzima, yaani linakupokea langoni ukitoka zamu. Mwanga ule wa asubuhi ndio unaouambia mwili "siku imeanza". Vaa miwani ya jua na kofia ya ukingo, pita njia yenye kivuli, usisimame kupiga soga barazani. Ukiwa abiria, miwani haina shida. Ukiwa unaendesha bodaboda mwenyewe na macho yanafumba, shida si miwani tena, mwachie mwingine aendeshe.

Nyumbani kula kidogo. Uji, au mahamri mawili na chai nyepesi ya tangawizi bila majani. Ukilala na njaa utaamka saa 4, na ukilala umeshiba mbaazi za nazi tumbo litakuweka macho. Oga maji ya kawaida, yasiwe ya baridi kali, kwa sababu maji baridi sana huziba mishipa ya ngozi na joto linabaki ndani.

Chumba kiwe giza la kushindwa kuona kiganja chako. Kijana alinunua kitambaa cheusi kizito dukani, mita tatu, akakipigilia juu ya dirisha kwa ndani, na chini akaacha wazi kiasi cha shubiri ili hewa ipite. Mwanga uliokuwa ukipenya pale mabati yanapokutana na ukuta aliuziba kwa makatoni. Feni aliielekeza miguuni na kuning'iniza leso mbichi nyuma yake. Mlio wa feni una faida ya pili, unameza kelele za watoto na za kuku. Stima ikikatika utaamka, hilo sina dawa yake. Simu iwe kimya, isipokuwa namba moja ya nyumbani, na mlangoni wajue kwamba saa 4 asubuhi kwako ni saa 4 usiku. Mamake alikuwa akimwamsha "kidogo tu" amletee maji. Nilimwambia mwenyewe, "Dada, ungemwamsha mumeo usiku wa manane akuletee maji?" Alicheka, na tangu hapo huyachota mwenyewe mapema.

Kipande cha pili ni dakika 90, saa 10 na nusu hadi saa 12 jioni, wakati jua limepoa. Hapa nitagombana na wazee. Bibi yangu akimkuta mtu amelala baada ya alasiri alikuwa akimwamsha kwa ufagio, akisema usingizi huo unaleta uchizi. Alichokuwa akikiona ni kweli: mtu anaamka amechanganyikiwa, hajui ni asubuhi au jioni. Hutokea ukiamshwa katikati ya usingizi mzito, na ule uzito huchukua dakika 15 hadi 30 kuondoka, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana nasema dakika 90, kwa sababu usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban muda huo na unaelekea kuamka mwishoni ukiwa mwepesi. Kama moyo wako haukubali kulala baada ya alasiri, fanya kailula baada ya adhuhuri ukiwa na chumba cha ubaridi, nyumba ya mawe au ya makuti. Wenye mabati hawana anasa hiyo.

Usiku wa kwanza wa wiki ndio mbaya kuliko yote, na hapo kipande cha pili ni cha lazima. Ukiamka Jumatatu saa 1 asubuhi kama kawaida na usilale tena, saa 6 usiku umeshakaa macho saa 17. Majaribio yaliyofanywa Australia miaka ya 1990 yalionyesha kuwa mtu wa aina hiyo hutenda polepole kama mwenye kiwango cha pombe cha 0.05% katika damu. Na bado una saa 6 za zamu mbele yako.

Hatua ya tatu: kazini, chunga saa 9 hadi saa 11 alfajiri

Joto la mwili hufika chini kabisa alfajiri, na hapo ndipo kichwa kinaanguka kifuani. Usijilaumu, lakini jipange. Kazi za kukaa, kuandika kitabu cha wageni au kutazama kamera, zimalize kabla ya saa 8 usiku, na mizunguko ya kutembea uiweke alfajiri. Kama kazini mnaruhusiwa mapumziko na mko wawili, pokezaneni usingizi wa dakika 20 kati ya saa 8 na saa 9. Weka kengele. Ukipitisha dakika 30 utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Kahawa ni dawa nzuri inayotumiwa vibaya. Huchukua nusu saa hivi kuanza kazi, na baada ya saa 5 au 6 nusu yake bado imo mwilini. Kwa anayelala saa 1 na nusu asubuhi, kikombe cha mwisho kiwe saa 7 usiku. Kunywa vikombe viwili vidogo vya kahawa chungu kwa nafasi, kimoja mwanzo wa zamu na kingine saa 7. Wengi hunywa saa 10 alfajiri ili "wamalizie", kisha wanashangaa kwa nini wanautazama mwavuli wa chandarua mpaka saa 4. Chai ya maziwa ya majani nayo inahesabiwa, na soda ya kola pia.

Miraa na muguka sitazunguka: inakuweka macho usiku, na inakuweka macho asubuhi vilevile. Kijana alikuwa akitafuna mpaka saa 11 alfajiri. Hilo peke yake lilikuwa nusu ya ugonjwa wake. Aliacha wiki za usiku kwanza, siku nne za mwanzo alikuwa mzito na mwenye hasira, kisha ikapungua.

Mlo mkuu ule saa 1 usiku kabla ya kwenda kazini. Saa 7 usiku kula kitu chepesi, yai na ndizi mbivu kwa mfano. Wali wa nazi usiku wa manane utalala tumboni, nawe utalala kitini.

Hatua ya nne: siku ya kugeuza

Rota ya kijana wakati huo ilikuwa ikitoka usiku kwenda jioni, na hiyo ni nafuu kuliko kutoka usiku na kuingia asubuhi moja kwa moja. Lakini mwezi mmoja mwenzake aliugua, akatakiwa amalize usiku Jumapili saa 12 asubuhi na aingie zamu ya asubuhi Jumatatu saa 12. Saa 24 tu. Alitaka kulala Jumapili nzima "kufidia". Nilimkataza. Angelala mpaka saa 9 mchana, na saa 3 usiku angekuwa anahesabu mabati.

Tulifanya hivi. Alifika nyumbani saa 12 na nusu, safari hii bila miwani, kwa sababu sasa tunataka mwili urudi kwenye mchana. Akalala saa 1 hadi saa 4 asubuhi, dirisha likiwa na pazia nusu. Saa 4 akaamshwa kwa nguvu, akatoka nje. Jua la asubuhi ndilo linaloivuta saa ya mwili iwahi, hivyo nikamtuma sokoni kwa miguu. Akanywa kahawa moja, na baada ya saa 6 mchana hakunywa tena. Saa 8 mchana akafumba macho dakika 20 kitini, si kitandani. Saa 1 usiku alikuwa ameshakula na taa kubwa zimezimwa, saa 2 na nusu akalala. Aliamka saa 10 na nusu alfajiri akiwa na saa 8 kamili.

Sikumwahidi miujiza. Jumatatu alikuwa mzito hadi saa 3 asubuhi, na Jumanne usingizi ulikatika saa 8 usiku akageukageuka karibu saa nzima. Jumatano akawa mtu. Siku mbili za uzito ndiyo bei yake hata ukifanya kila kitu sawa.

Mgeuko wa kutoka jioni kwenda asubuhi nao una mtego wake: unatoka saa 4 usiku na unatakiwa kurudi saa 12 asubuhi. Ukiondoa safari, kuoga na kula, zinabaki saa 5. Andaa nguo na chakula kabla ya kutoka mchana, fika, oga, lala, usiguse simu. Kesho yake ukitoka kazini saa 8, lala dakika 90 ukifika nyumbani, kisha usiku wahi kitandani.

Hatua ya tano: zungumza na anayeandika rota

Kwa sababu saa ya mwili hupenda kuchelewa kuliko kuwahi, rota inayokwenda asubuhi, jioni, usiku huuchosha mwili kidogo kuliko inayorudi nyuma. Kijana alikwenda kwa msimamizi wake bila lawama, akiwa na karatasi ile ya mistari mitatu, akasema, "Mzee, watu ni walewale, saa ni zilezile. Naomba tu mpangilio ugeuke, na mtu akitoka usiku apate siku mbili kabla ya asubuhi." Mpangilio uligeuzwa. Siku mbili hakupewa, alipewa moja na nusu.

Pale mpango huu hauwezi

Usinunue vidonge vya mafua ili ulale. Piriton inaleta usingizi, ndiyo, lakini uzito wake hubaki mpaka zamuni. Mwenye kifafa, mwenye kisukari anayechoma insulini, na mama mjamzito waone daktari kabla ya kugawa usingizi na milo, kwa sababu dozi na saa huenda pamoja.

Na muulize anayelala nawe chumba kimoja: unakoroma, kisha pumzi inakatika, kisha unashtuka kama aliyezama majini? Kama ndiyo, tatizo lako si rota, na pazia jeusi halitakusaidia kitu. Nenda kliniki. Vivyo hivyo kama umefuata haya kwa miezi mitatu na bado hulali, au umewahi kusinzia ukiwa na usukani mkononi hata mara moja.

Kijana bado yuko kazini. Juzi nilimpita akiwa wiki ya usiku, saa 3 asubuhi, dirisha jeusi, feni inalia, na juu ya mlango mamake amebandika kipande cha katoni: "Usiku huku."